Kichujio kilichokula notisi za mwenye nyumba, na jinsi ya kukinasa

Jioni ya tarehe 12 Machi, keyateka wa ploti moja kule Mtopanga alipanda hadi ghorofa ya tatu akamkabidhi shemeji yangu barua. Ilitoka kwa wakala anayesimamia nyumba ile. Ilisema kwamba ana malimbikizo ya miezi mitatu, ametumiwa notisi nne kwa barua pepe na hakujibu hata moja, kwa hiyo anatakiwa ahame ifikapo mwisho wa Aprili.

Shemeji alinipigia simu sauti ikimtetemeka. Yeye hulipa kodi kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo anao. "Shemeji, hawa watu hawajanitumia kitu," aliniambia. "Nimeangalia simu nzima, hakuna notisi hata moja. Risiti zao napata kila mwezi, lakini notisi hapana. Wanataka kunitoa wampe mtu mwingine nyumba."

Hapo kwenye risiti ndipo niliposhtuka. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za maofisi, na nimeona mara nyingi kwamba barua zote za mtu mmoja zikikosekana, huenda anwani imekosewa au mtu huyo amezuiwa. Lakini aina moja ya barua zake ikifika na nyingine isifike, kuna kitu ndani ya sanduku lako mwenyewe kinachochagua. Nikamwambia asimpigie wakala mpaka nifike. Nilipanda matatu kutoka Tudor, nikavuka daraja la Nyali, na kabla ya saa tatu usiku tulikuwa tumekaa mezani.

Ninaandika tulichofanya usiku ule kwa utaratibu uleule, kwa sababu utaratibu wenyewe una uzito. Shemeji anatumia Gmail, na maneno ya skrini nimeyaweka kama yanavyosomeka kwenye Gmail ya Kiingereza, maana ndiyo watu wengi huku wanayoitumia.

Hatua ya kwanza: tafuta kila mahali, pamoja na kwenye tupio

Ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail, haitafuti kila mahali. Inaruka sehemu mbili: barua taka, yaani Spam, na tupio, linaloandikwa Trash au Bin kutegemea mipangilio ya simu. Shemeji alikuwa ametafuta jina la wakala mara kumi, na kila mara alipata risiti tu. Kwa hiyo aliposema hakuna kitu alikuwa anasema alichokiona.

Ili kutafuta kila mahali, ongeza maneno haya mbele ya anwani ya unayemtafuta. Yanafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta vilevile:

```
in:anywhere from:wakala@example.com
```

Weka anwani halisi ya wakala wako pale mwisho, na usiache nafasi baada ya nukta mbili. Tulipoandika hivyo, zilitokea risiti zote pamoja na barua moja ambayo hatukuwa tumeiona, ya tarehe 24 Februari, yenye kichwa "Final Notice: Rent Arrears". Ilikuwa kwenye tupio. Tena ilikuwa imetiwa alama ya kusomwa, ilhali shemeji hakuwahi kuifungua.

Ukiikuta barua ya namna hiyo, itoe pale papo hapo. Gmail hufuta kabisa kila kilichokaa kwenye tupio siku 30, na baada ya hapo huwezi kukirudisha. Ile ya Februari ilikuwa na siku 16 humo ndani, kwa hiyo ilibakiwa na siku 14. Fungua barua, bonyeza vile vidoti vitatu vya juu, chagua kuihamishia kwenye kikasha, halafu ihifadhi pia kama PDF. Usiendelee na jambo lingine kabla ya hili.

Na zile notisi nyingine tatu? Wakala alisema alizituma tarehe 28 Oktoba, 2 Desemba na 20 Januari. Hesabu haikuwa ngumu. Hata ile ya Januari ilishatimiza siku zake 30 mnamo tarehe 19 Februari. Zote tatu zilikuwa zimetoweka, na hiyo ndiyo sababu shemeji angeweza kuapa kwamba hazikuja kamwe.

Hatua ya pili: jua ni nani aliyeitupa

Barua inaweza kupotea kwa njia kadhaa, na kila njia huacha alama yake. Ukimzuia mtu kwa kubonyeza Block, barua zake huenda kwenye Spam. Google ikiishuku barua yenyewe, nayo huenda Spam. Lakini barua ambayo hukuifungua wala hukuifuta, na bado umeikuta kwenye tupio, kwa kawaida imepelekwa na kichujio, yaani agizo lililowekwa ndani ya Gmail la kushughulikia barua za aina fulani kila zinapoingia, au na mtu mwingine mwenye nywila yako. Ikiwa pia imetiwa alama ya kusomwa, kama ile ya shemeji, mshuku kichujio kwanza. Kuna mtu aliyewahi kukiagiza kifanye mambo mawili kwa pamoja, na aghalabu mtu huyo ni mwenye sanduku.

Programu ya Gmail ya simu haionyeshi vichujio. Hili ndilo linalowakwamisha watu wengi, kwa sababu wanapekua mipangilio yote ya simu, hawaoni kitu, wanaamini hakipo. Unahitaji kompyuta. Kama huna, nenda saiba au azima laptopu ya jamaa, na ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti yako. Fungua Gmail kwenye kivinjari, bonyeza alama ya gurudumu lenye meno upande wa juu kulia, chagua "See all settings", kisha "Filters and Blocked Addresses". Vichujio vyako vyote vimepangwa pale. Soma kimoja kimoja, na jicho lako litafute maneno "Delete it".

Cha shemeji kilikuwa cha pili kutoka juu:

```
Matches: subject:(notice)
Do this: Mark as read, Delete it
```

Alikitazama muda mrefu bila kusema, kisha akakumbuka.

Miaka miwili nyuma alikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Ofisi za namna ile mara nyingi hutumia anwani za Gmail za wafanyakazi wenyewe. Kampuni za meli, shehena inapokaribia, humtumia mwenye mzigo au wakala wake barua inayoitwa "Arrival Notice", yenye jina la meli, nambari ya hati ya shehena na siku meli inapotarajiwa. Ni barua ya maana sana kwa anayeklia mzigo, kwa sababu kontena likikaa bandarini kupita siku za bure, gharama huanza kuhesabiwa. Kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi, haina maana yoyote. Shemeji aliacha kazi lakini barua hazikumwacha. Zilikuja kwa makumi kila siku, kutoka kampuni tofauti.

Usiku mmoja alichoka. Alifungua barua moja, akachagua "Filter messages like these", na Gmail ikamjazia anwani ya aliyeituma. Akaona hiyo itamaliza kampuni moja tu. Akafuta anwani ile, akaandika kwenye sehemu ya kichwa neno moja linalopatikana kwa wote: notice. Akatia alama kwenye "Mark as read" ili simu isimsumbue, na kwenye "Delete it". Barua zikakoma, akasahau.

Wakati huo mwenye nyumba alikuwa mzee aliyekuwa akiandika mambo yake kwenye karatasi na kuipenyeza chini ya mlango. Mwaka jana mzee alimkabidhi wakala nyumba, na wakala akahamishia kila kitu kwenye barua pepe. Risiti huja na kichwa "Rent Receipt", nazo zikapita bila shida. Notisi huja na neno notice. Gmail haitofautishi herufi kubwa na ndogo, wala haijui kama inayotangazwa ni meli au kodi ya nyumba. Ilifanya ilichoagizwa.

Laiti barua zote za wakala zingepotea, shemeji angeuliza mwezi wa kwanza, "Mbona sipati risiti?" Risiti ndizo zilizomtuliza. Na cha kusikitisha zaidi, zile risiti za Februari na Machi zilikuwa na mstari unaoonyesha salio lililosalia, kwenye kiambatisho cha PDF ambacho hakukifungua. Kichwa kilisema malipo yamepokelewa, naye akaridhika.

Hatua ya tatu: pima ukubwa wa hasara kabla ya kurekebisha

Usikifute kichujio mara tu unapokiona. Kwanza kitumie kukuonyesha kingine kilichomezwa. Chukua sharti lake ulichomeke kwenye kisanduku cha kutafutia, lakini uelekeze utafutaji kwenye tupio:

```
in:trash subject:notice
```

Bila `in:trash` utapata orodha tupu au barua za zamani tu, uamini kwamba kichujio hakijadhuru kitu. Kwa shemeji zilitokea barua 61. Nyingi zilikuwa za meli. Lakini mle ndani kulikuwa na tangazo la shule ya mwanawe kuhusu mkutano wa wazazi, na moja ya benki kuhusu mabadiliko ya ada. Tukazitoa zote mbili. Hiyo ni mizigo ya siku 30 za mwisho tu. Vilivyopita kabla ya hapo kwa miaka miwili, hakuna atakayevijua isipokuwa waliovituma, na ndiyo maana kesho yake alipiga simu shuleni.

Hatua ya nne: andika kichujio upya, kimfuate mtumaji

Kosa la kichujio kile lilikuwa na sehemu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Sharti lake lilikuwa pana mno: neno moja la kawaida, kutoka kwa mtu yeyote duniani. Na adhabu yake ilikuwa kali mno: kufuta, wala si kuweka kando. Sharti pana lenye adhabu nyepesi hukusumbua tu. Sharti finyu lenye adhabu kali unaweza kuishi nalo. Yakikutana mapana na makali, ndipo mtu anapoletewa barua ya kuhama.

Tulifuta kile cha zamani. Kisha, kwenye kisanduku cha kutafutia, tukabonyeza ile alama ya vijistari upande wa kulia ili fomu ifunguke. Kwenye "From" tukaweka anwani za kampuni za meli zenyewe, tulizonakili kutoka kwenye barua zilizokuwa tupioni, zikitenganishwa kwa OR ya herufi kubwa. Kwenye "Subject" tukaweka maneno mawili ndani ya alama za kunukuu. Sharti likawa hivi:

```
from:(meli1@example.com OR meli2@example.com) subject:("arrival notice")
```

Tukabonyeza "Create filter". Badala ya "Delete it" tukachagua "Skip the Inbox" na "Apply the label", tukaipa lebo jina Meli. Sasa barua hizo hazimpigii kelele, lakini zipo mahali pake, hazihesabiwi siku. Kuna kisanduku kingine pale chini kinachotaka kichujio kitumike pia kwa barua zilizopo tayari. Kiache bila alama mpaka uwe umekijaribu kichujio, kwa sababu ukikosea kitahamisha barua za miaka kwa mbofyo mmoja.

Kisha tukatengeneza cha pili kwa ajili ya wakala, chenye anwani yake tu kwenye "From", na tukachagua "Never send it to Spam", "Star it" na lebo ya Nyumba. Jihadhari na kitu kimoja hapa. Watu hutengeneza kichujio cha kulinda barua za mtu fulani, wakaacha kile cha kufuta kikae palepale, wakidhani cha ulinzi kitashinda. Barua ikilingana na vichujio viwili, Gmail hutumia vyote viwili. "Never send it to Spam" inazuia Spam peke yake, haizuii kichujio kingine kuipeleka barua kwenye tupio. Kama una sababu ya kubaki na kichujio kipana, basi mtoe wakala ndani yake kwa alama ya kutoa:

```
subject:(notice) -from:(wakala@example.com)
```

Mimi binafsi sipendi njia hii. Leo umemtoa wakala, kesho atakuja mwajiri mpya au daktari ambaye hukumfikiria.

Hatua ya tano: jaribu kwa barua ya mtu mwingine

Nilituma barua kutoka kwenye simu yangu kwenda kwa shemeji, kichwa chake "Rent Notice, jaribio". Tukaweka simu yake katikati ya meza. Ikalia. Hiyo ilithibitisha kwamba kile cha zamani hakipo tena. Usijitumie mwenyewe ukitaka kujaribu, maana barua ya kutoka kwako kwenda kwako inaonekana pia kwenye zilizotumwa, na inaweza kukuchanganya. Omba mtu.

Hilo halikuthibitisha kichujio cha wakala, kwa kuwa anwani yangu si yake. Hicho kilisubiri asubuhi.

Hatua ya sita: nenda kwa wakala na ukweli

Hapa ndipo palipokuwa pagumu, na hapakuhusu kompyuta. Usiku ule shemeji bado alitaka kusema kwamba barua hazikufika. Nilimkatalia. Barua ilifika kwenye sanduku lake, na aliyeitupa ni kichujio chake. Kwa wakala, inaonekana imetumwa na haikurudi. Mkataba wake ulikuwa na kipengele kinachosema notisi kwa barua pepe inatosha, nasi tulikisoma pamoja, mstari kwa mstari. Ukienda ukidai hukutumiwa, wakala atafungua kompyuta yake na kukuonyesha, na kuanzia hapo hata la kweli utakalosema halitasikika.

Kwa hiyo alikwenda na vitu vitatu: picha ya kichujio kama kilivyokuwa kabla hatujakifuta, ile notisi ya Februari kwenye PDF, na ujumbe wa M-Pesa wa miezi mitatu. Notisi ilieleza kila kitu. Kodi ilipanda kutoka shilingi 22,000 hadi 24,500 kuanzia Januari. Yeye alilipa 22,000 Januari, Februari na Machi. Pengo ni 2,500 kwa mwezi, jumla 7,500. Miezi mitatu ya malimbikizo ilikuwa miezi mitatu ya pengo hilo. Hakuwahi kuacha kulipa kodi.

Karani wa pale alikuwa mwanamke wa makamo. Shemeji alimwamkia, akaketi, akamwambia, "Dada, barua zenu zilifika. Mimi ndiye sikuziona, na sababu ni hii hapa." Akamwonyesha picha. Yule dada aliisoma, akasema, "Kwa hiyo tungekuandikia hata mara ishirini ungekuwa huoni?" Akajibu, "Nisingeona hata moja." Akamwomba mambo mawili: amtumie tena zile notisi tatu zilizofutika, ili awe na kumbukumbu kamili, na amruhusu alipe 4,000 siku ileile na 3,500 mwisho wa mwezi.

Dada alizungumza na bosi wake mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alikubali, lakini alisema barua ya kuhama haitaondolewa mpaka salio liwe sifuri. Shemeji akaomba makubaliano hayo yaandikwe, naye akayaandika palepale kwa barua pepe, mbele yake. Simu ya shemeji ikalia mfukoni. Barua ilikuwa na nyota na lebo ya Nyumba, na hivyo ndivyo kichujio cha pili kilivyojaribiwa.

Kabla ya kuondoka aliacha nambari yake ya simu na kuomba kwamba notisi yoyote inayogusa kiwango cha kodi au tarehe ya kuhama itumwe pia kwa WhatsApp. Karani akaiandika kwenye faili yake. Tarehe 31 Machi alimaliza zile 3,500. Risiti ilikuja siku iliyofuata, akafungua kiambatisho na kushuka hadi mstari wa mwisho, salio 0, na chini yake sentensi moja kwamba barua ya tarehe 12 imeondolewa.